Sungura Aliyebaki Kisimani

Ukurasa wa 10, sungura anateleza na kuangukia kisimani. Mtoto anafunua karatasi, na ukurasa unaofuata, wenye namba 15, sungura yule yule amevaa kanzu, yuko arusini, anakula pilau. Ametokaje kisimani? Arusi ni ya nani? Mama wa mtoto huyo, mkazi wa Morogoro, alinipigia simu usiku ule ule. "Dada, mbona hadithi imekatika? Mwanangu hataki kulala, anauliza nani alimtoa."

Kitabu hicho nilimuuzia mimi, ndani ya boksi la vitabu 15 nilivyompelekea kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kwenye orodha niliandika mstari mmoja tu: "Hadithi za watoto, miaka 3 hadi 10, hali nzuri." Sikukusudia kumdanganya mtu, lakini mstari ule haukumwambia chochote cha kumsaidia. Nilimrudishia fedha ya kitabu kile, na tangu siku hiyo sijauza hadithi ya mtoto bila kuiorodhesha peke yake.

Mtu anayenunua vitabu vya mitumba pale kando ya barabara hujikagulia mwenyewe. Anakishika kitabu, anakifunua, anakinusa, anakirudisha. Aliye mbali hana nafasi hiyo. Anategemea macho na pua ya muuzaji. Anachotaka kujua ni mtoto wa umri gani atakiweza, kimeandikwa kwa lugha gani, kimechakaa kiasi gani, na kama kuna mtu aliyeandika au kuchora humo ndani. Maswali haya yanaonekana mepesi mpaka ukae sakafuni na boksi lenyewe mbele yako.

Mwezi uliopita jirani yangu, ambaye watoto wake sasa wako sekondari, aliniletea vitabu 22 nimsaidie kuviuza. Nitaeleza nilivyovipanga.

Nilianza na lugha, na ninashauri kila mtu aanze hapo, kwa sababu umri wa kusoma unategemea lugha. Kosa kubwa hapa ni kusoma jalada na kuishia hapo. Ndani ya boksi la jirani kulikuwa na kitabu cha Kimarekani kiitwacho Jambo Means Hello, kilichoandikwa na Muriel Feelings na kuchorwa na Tom Feelings, ambacho kilitoka mwaka 1974. Ni kitabu cha alfabeti ya Kiswahili, chenye maneno 24, kila herufi na neno lake. Q na X hazimo kwa kuwa hatuzitumii. Picha zake ni nzuri ajabu. Lakini maelezo yote ni ya Kiingereza, kwa sababu kiliandikwa kumfundisha mtoto asiyejua Kiswahili. Ukikiweka kwenye fungu la Kiswahili, mzazi wa Tabora atapokea kitabu ambacho mwanawe wa darasa la kwanza hawezi kukisoma. Ukimwambia ukweli mzazi wa Kitanzania anayelea watoto wake Toronto au London, huenda ndicho kitabu anachokitafuta. Kwa hiyo nilikiandika hivi: "Kiingereza, kinafundisha maneno 24 ya Kiswahili."

Vitabu vya lugha mbili navyo vinataka maelezo kidogo. Kuna vile ambavyo kila ukurasa una Kiswahili juu na Kiingereza chini, na kuna vile ambavyo hadithi nzima ni ya Kiingereza halafu nyuma kuna faharasa ya maneno. Vya kwanza mtoto anaweza kuvisoma kwa lugha moja akapuuza nyingine. Vya pili haviwezekani. Ukiandika "lugha mbili" bila kusema ni kwa mtindo gani, hujamsaidia mnunuzi.

Kuna jambo dogo lingine ambalo wauzaji wengi hulipita. Kiswahili cha hadithi zilizochapishwa Nairobi na cha zile zilizochapishwa Dar es Salaam ni kimoja, ila mtoto hukutana na maneno ya nyumbani kwa mwandishi: karo kwa ada, runinga kwa televisheni, gredi kwa darasa. Haimzuii mtoto kusoma, na mimi naona inampanua. Lakini mzazi anayejenga msamiati wa shule ana haki ya kuambiwa. Kama jina la mji wa mchapishaji limechanika, angalia namba ya ISBN nyuma ya jalada. Kwa vitabu vilivyotolewa tangu mwaka 2007 namba hiyo ina tarakimu 13 na huanza na 978 au 979. Vya zamani zina tarakimu 10. Baada ya 978, na kwa vya zamani mwanzoni kabisa, ukiona 9966 mchapishaji ni wa Kenya, 9976 au 9987 ni wa Tanzania, na 9970 ni wa Uganda. Namba hiyo inataja nchi ya mchapishaji tu, haitaji lugha. Bado utafungua ndani usome.

Sasa umri. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, maana hadithi moja ya mtoto ina umri wa aina mbili. Upo umri wa kusomewa, yaani mtoto amelala ubavuni mwa bibi yake na bibi anasoma. Upo umri wa kusoma mwenyewe. Hadithi ya sungura na kisima, mtoto wa miaka 4 anaisikiliza kwa hamu hadi mwisho. Kuisoma mwenyewe, mtoto huyo atangoja miaka mitatu zaidi. Ukiandika "miaka 4" peke yake, mama atamkabidhi mtoto kitabu, mtoto atashindwa, na mama atadhani mwanawe ana tatizo. Ndiyo maana kwenye orodha yangu kila kitabu kina umri wa kusomewa na umri wa kusoma mwenyewe, na huu wa pili nauambatanisha na darasa, kwa kuwa wazazi wengi wanajua vizuri zaidi mtoto wa darasa la pili anaweza nini kuliko mtoto wa miaka minane.

Nitaujuaje umri wa kusoma mwenyewe? Kwa vitabu vya Kiswahili nafungua kurasa tatu: mmoja wa mwanzo, mmoja wa kati, mmoja wa mwisho. Nahesabu maneno ya kila ukurasa, halafu natazama silabi. Mtoto wa Kiswahili huanza na irabu, akaja kwenye silabi za konsonanti moja kama ba, be, bi, kisha ndipo akutane na silabi zenye konsonanti zilizoshikana: mbwa, nywa, ng'o, shwa. Kitabu chenye maneno kumi kwa ukurasa, kama "Baba ana kuku," ni cha anayeanza. Kitabu chenye maneno kumi hayo hayo kwa ukurasa, lakini miongoni mwake yamo "ng'ombe", "wanakunywa" na "hawakumwambia", si cha anayeanza hata kidogo.

Hilo neno la mwisho litazame kwa makini. "Hawakumwambia" ni neno moja lenye silabi sita: ha-wa-ku-mwa-mbi-a. Kwa Kiingereza wazo hilo linataka maneno matano mafupi. Ndiyo sababu kuhesabu maneno, ambako kunatosha kidogo kwa vitabu vya Kiingereza, kunapotosha kwa vitabu vyetu. Ukurasa wa Kiswahili wenye maneno 20 unaweza kuwa mzito kuliko wa Kiingereza wenye 35. Mimi hutafuta neno refu kuliko yote katika zile kurasa tatu na kulikata silabi. Likiwa na silabi tatu au nne, nakiweka darasa la kwanza. Likifika sita au saba, na sentensi zikawa zinavuka mstari mmoja, nakiweka darasa la pili au la tatu. Vitabu vyenye sura na picha chache navipeleka darasa la nne na kuendelea. Kipimo hiki ni changu mwenyewe, nimekijaribu kwa watoto wa ndugu na majirani, na kosa lake halizidi darasa moja juu au chini.

Kwa vitabu vya Kiingereza jambo ni tofauti. Umri uliochapishwa nyuma ya jalada la kitabu kilichotoka Uingereza ulipangwa kwa mtoto ambaye Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwao. Kilichoandikwa miaka 5 hadi 6, mtoto wetu aliyekua na Kiswahili, akasoma shule ya serikali, mara nyingi atakifurahia akiwa na miaka 9 au 10. Aliye shule ya mchepuo wa Kiingereza atakifikia mapema zaidi. Nimeacha kunakili umri wa jaladani peke yake, naandika: "Jaladani miaka 5–6, kwa anayejifunza Kiingereza shuleni, darasa la 3–4."

Ndani ya boksi la jirani kulikuwa na vitabu vitano vya Ladybird vya Peter na Jane, ambavyo wasomaji wengi wa rika langu wanavikumbuka. Mfululizo huu ulianza kutoka mwaka 1964. Una ngazi 12, na kila ngazi ina vitabu vitatu, a, b na c, hivyo seti kamili ni vitabu 36. Jirani alikuwa na 2a, 2b, 3b, 3c na 4a. Mtu angeweza kuandika "seti ya Ladybird, vitabu vitano" akaendelea na kazi nyingine. Lakini herufi zile zina maana. Kitabu cha a huleta maneno mapya, cha b hurudia maneno yale yale katika kisa kingine, na cha c huingiza sauti za herufi na kuandika. Seti isiyo na 2c bado inasomeka. Seti isiyo na 3a inamtupa mtoto kwenye 3b akutane na maneno ambayo hakufundishwa. Niliandika wazi kwamba 3a haipo, na kwamba atakayenunua aitafute kwanza kabla ya kumpa mtoto 3b. Kila unapouza vitabu vya mfululizo, taja namba zilizopo na namba zisizopo, zote mbili.

Nikaja kwenye hali. Maneno kama "nzuri" na "safi" kila mtu ana maana yake, kwa hiyo najiwekea ngazi nne na kuzieleza juu ya orodha: kama kipya, nzuri, wastani, chakavu. Chakavu kwangu ni kitabu kinachosomeka chote ila jalada limeachia au kurasa zimebandikwa selotepu. Kitabu chenye karatasi pungufu hakina ngazi hata moja kati ya hizo. Hicho nakitoa kabisa kwenye mauzo.

Karatasi pungufu ndiyo iliyonipata kwa yule mama wa Morogoro, na sasa naweza kuonyesha ilivyotokea. Hadithi nyingi za watoto wadogo zimefungwa kwa pini mbili mgongoni. Karatasi kubwa hukunjwa katikati, zikapandanishwa, zikapigwa pini kwenye mkunjo. Kila karatasi kubwa basi hutoa kurasa nne, mbili upande huu wa pini na mbili upande ule. Kwenye kitabu cha kurasa 24, karatasi ya katikati kabisa ndiyo yenye ukurasa wa 11, 12, 13 na 14. Miguu ya pini imekunjwa juu yake, na mtoto anapokifungua kitabu wazi kabisa, yeye ndiye anayevutwa. Pini zikishika kutu, nazo hushika upesi kwenye nyumba za pwani, karatasi hiyo inakatika kwenye matundu na kudondoka. Kwa nje kitabu kinaonekana kizima. Sungura wangu alidondoka hivyo.

Kukagua hakuchukui hata dakika moja. Fungua kitabu palipo na pini. Kama huoni miguu ya pini katikati ya kitabu, mbele ya macho yako, pana mashaka. Kisha hesabu karatasi za kushoto kwa pini na za kulia. Idadi lazima ilingane. Zikiwa sita kushoto na tano kulia, kuna moja imechanwa, na ile mwenzake ya upande wa pili italegea siku si nyingi. Karatasi ya katikati ikidondoka nzima, pande zote mbili hupungua sawa, kwa hiyo hesabu haitakuonyesha. Hapo soma namba za kurasa, na kama kitabu hakina namba, soma sentensi ya mwisho ya ukurasa wa kushoto na ya kwanza ya ukurasa wa kulia uone kama kisa kinaendelea. Hivi sasa nasoma kila hadithi yenye pini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni fupi, na bado nazipenda.

Vitabu vya gundi, vile vinene vya darasa la nne na kuendelea, vina ugonjwa wao. Mende hupenda gundi. Mgongo ukiwa umetafunwa, shika kitabu kwa jalada lake, kiinamishe taratibu juu ya kitanda, uone kama kuna karatasi inayotelemka.

Na ukungu. Kitabu kilichokaa kwenye boksi chini ya kitanda msimu mzima wa masika kinaweza kuwa na vumbi la kijivu au la kijani kwenye kingo na harufu nzito ya unyevunyevu. Madoa ya kahawia yaliyokauka, yasiyo na harufu, ni ya uzee tu. Yataje na uendelee. Ukungu ulio hai ni jambo jingine, kwa sababu huhamia kwenye vitabu jirani na unaweza kumsumbua mtoto mwenye pumu. Kimoja katika vile 22 kilikuwa nao. Nilikifunga kwenye mfuko wa plastiki na kukitenga, sikukiweka kwenye orodha.

Limebaki suala la alama, nalo ndilo wauzaji hulificha zaidi, kwa aibu nadhani. Watoto huandika kwenye vitabu. Jambo la kumwambia mnunuzi ni alama ya nini, kwa kitu gani, ukurasa upi, na kama maneno bado yanasomeka. Penseli hufutika, ingawa iliyokandamizwa huacha mfereji kwenye karatasi. Wino haufutiki. Krayoni hutia nta, na ukiisugua kwa raba unazidi kuipaka. Katika orodha ya jirani kitabu kimoja kilikuwa na maswali nyuma, kumi na mawili, na yote yamejibiwa kwa wino. Hadithi ni safi tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, lakini mtoto anayefuata hana zoezi la kufanya, na majibu mawili si sahihi. Nilisema hivyo hivyo.

Ipo alama moja ninayoitaja kama faida. Kitabu kimoja mtu mzima alikuwa amekata maneno kwa penseli kuanzia ukurasa wa 3 hadi wa 9, ka/le/nga, a/me/ku/ja, vimstari vyembamba mno. Bila shaka alikuwa akimfundisha mtoto kusoma silabi kwa silabi, na kuanzia ukurasa wa 10 vimstari vinakoma, kana kwamba mtoto hakuvihitaji tena. Sikuvifuta. Huyu ndiye kitabu namba 7, na maelezo yake yalikwenda hivi:

"Na. 7. Hadithi ya fisi na mbuzi. Kiswahili, chapa ya Tanzania, kurasa 24, pini. Kusomewa: miaka 4. Kusoma mwenyewe: miaka 7–8, darasa la 2. Hali: wastani, kona ya jalada la nyuma imekunjika, pini zina kutu kidogo, kurasa zote zipo, nimezisoma. Alama: jina la mtoto kwa wino uk. 1, mikato ya silabi kwa penseli uk. 3–9, maneno yote yanasomeka."

Picha naambatanisha tatu kwa kila kitabu: jalada, ukurasa wa katikati palipo na pini, na ukurasa mbaya kuliko yote. Huo wa tatu ndio unaouza, maana mnunuzi akishauona ubaya wenyewe hana hofu ya kufichwa kitu. Lakini jina la mtoto, shule yake na namba ya simu ya mzazi, ambazo watu wengi huandika kwenye jalada la ndani, nazifunika kwa kipande cha karatasi kabla ya kupiga picha. Mtoto huyo hakuomba kutangazwa.

Alama ya mwisho ni muhuri. Kimoja katika vitabu vya jirani kilikuwa na muhuri wa maktaba ya shule ya msingi. Mtoto alikiazima, mwaka ukaisha, kikasahaulika. Kitabu cha namna hiyo, pamoja na vile vilivyochapwa maneno ya mali ya serikali na kwamba hakiuzwi, havina ngazi wala bei. Jirani yangu alikipeleka mwenyewe shuleni, miaka sita baada ya kuazimwa, na mwalimu akakipokea kwa mikono miwili.

Vikabaki vitabu 20. Sikuviuza kwa pamoja. Nilivigawa mafungu matatu kwa umri wa kusoma mwenyewe, vitabu saba, vinane na vitano, ili mzazi mwenye mtoto mmoja wa darasa la kwanza asilazimike kununua na vya darasa la tano. Kila fungu bei yake niliipanga kwa kitabu kimoja kimoja, kwa sababu ukipanga kwa wastani wa hali, kitabu chakavu kinajificha nyuma ya kipya. Kazi yote, kukagua, kusoma, kuandika na kupiga picha, ilinichukua Jumamosi moja kuanzia asubuhi hadi alasiri.

Fungu la pili, lenye kile kitabu namba 7, lilichukuliwa na yule yule mama wa Morogoro. Nawe msomaji, kama una boksi chini ya kitanda, livute leo, chukua hadithi ya kwanza yenye pini, ifungue katikati na uhesabu karatasi za kushoto na za kulia.